Binamu, hivi ndivyo utakavyounganisha kipakatalishi na runinga ili ukoo utazame picha

BINAMU, najua huko Wundanyi mnaendelea na matayarisho ya mkutano wa ukoo. Umeniuliza namna ya kuunganisha kipakatalishi cha mwanao, ile laptopu yake, na runinga iliyo sebuleni kwa nyanya, ili picha za familia zionekane kwenye kioo kikubwa badala ya kupitishwa mkono kwa mkono. Nimeona heri nikuandikie kwa urefu, kwa maana nitawasili asubuhi ya Jumamosi yenyewe, na kazi hii haifai kuanzwa wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Kabla ya kugusa waya wowote, tukubaliane kuhusu lengo. Picha tulizokusanya ni 84. Zaidi ya nusu zilipigwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa, nyingine babu akiwa kijana wa reli pale Voi, na nyuma yake hakuna jina lililoandikwa. Anayewajua watu waliosimama kando ya babu ni nyanya pekee, na macho yake hayawezi tena kuisoma picha ndogo inayotoshea kiganjani. Runinga yake ni ya inchi 32, yaani kioo chenye upana wa takriban sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Uso uliokuwa mdogo kuliko ukucha katika picha ya karatasi utakuwa mkubwa kama kikombe cha chai. Hapo ndipo atakapoweza kutuambia: huyu ni fulani, mwana wa fulani. Katika chumba cha habari tunajua kwamba picha isiyo na maelezo chini yake ni nusu ya picha. Jumamosi tutakuwa tukitafuta ile nusu ya pili.

Waya na matundu

Anza kwa kukitazama kipakatalishi ubavuni. Unatafuta tundu bapa lenye upana wa karibu sentimita moja na nusu, ambalo pembe zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Mara nyingi kando yake pameandikwa HDMI. Kisha zunguka nyuma ya runinga utafute tundu lenye umbo hilohilo. Huenda yakawa mawili, HDMI 1 na HDMI 2. Kumbuka nambari ya tundu utakalotumia, kwa sababu utaihitaji baadaye.

Ukiyakuta matundu hayo pande zote mbili, unahitaji waya mmoja tu wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti kwa pamoja. Ncha zake zinafanana, kwa hivyo haijalishi ni ipi inayoingia wapi. Huenda mnao tayari pasipo kujua: ving'amuzi vingi huunganishwa na runinga kwa waya huohuo. Unaweza kuuazima kwa majaribio kisha ukaurudisha. Lakini kama king'amuzi cha nyanya kimeunganishwa kwa nyaya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na manjano, hizo hazitatufaa, maana vipakatalishi vya siku hizi havina matundu yake.

Waya wa king'amuzi una dosari moja, nayo ni ufupi. Mara nyingi ni wa mita moja au moja na nusu, na mwenye kuendesha picha atalazimika kukaa chini ya runinga, kichwa chake kikiwazibia watu. Ukifika Voi nunua waya wa mita 3. Huo utakuwezesha kuweka kipakatalishi juu ya meza ndogo kando ya kiti cha nyanya. Usishawishike kununua wa mita 15 kwa kudhani kwamba mrefu zaidi ni bora zaidi. Waya wa kawaida ukirefuka kupita kiasi, picha huanza kukatikakatika.

Je, iwapo kipakatalishi ni cha zamani na hakina tundu la HDMI? Tazama kama kina tundu pana, aghalabu la rangi ya buluu, lenye vitundu 15 katika safu tatu na mahali pa kukazia skrubu pande zote mbili. Hilo huitwa VGA. Kwa hali hiyo utahitaji kigeuzi, yaani kifaa kidogo kinachopokea picha ya VGA na kuitoa kama HDMI. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba picha inatoka kwenye kipakatalishi chenye VGA kwenda kwenye runinga yenye HDMI. Vigeuzi vya mwelekeo huu na vya mwelekeo wa kinyume hufanana kama mapacha, lakini kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Aidha, VGA haibebi sauti. Kwa picha zetu hilo si tatizo, kwani sauti tunayoitaka ni ya nyanya.

Vipakatalishi vyembamba vya miaka ya karibuni navyo huwa na tundu dogo la mviringo wa yai, liitwalo USB-C, linalofanana na la kuchajia rununu nyingi za sasa. Lipo linalotoa picha na lipo linalochaji na kupitisha faili tu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha kwa hakika, kwa hivyo usinunue kigeuzi cha aina hiyo kabla ya kukijaribu papo hapo dukani, ukiwa na kipakatalishi chenyewe.

Mambo matatu yanayopaswa kukubaliana

Wengi huchomeka waya, wakatazama kioo cheusi, wakahitimisha kwamba waya ni mbovu. Ukweli ni kwamba waya ni jambo moja tu kati ya matatu. La pili ni runinga kuambiwa isikilize tundu lipi. La tatu ni kipakatalishi kuambiwa kipeleke picha nje. Moja likikosekana, yale mengine mawili hayafui dafu.

Fuata utaratibu huu. Washa runinga na kipakatalishi. Chomeka waya pande zote mbili hadi uhisi umekaa sawasawa. Usiusukume kwa nguvu, na ukikataa kuingia, ugeuze juu chini. Kisha chukua rimoti ya runinga yenyewe wala si ya king'amuzi, ubonyeze kitufe kilichoandikwa Source au Input. Katika rimoti nyingine hakuna maandishi, bali kuna mchoro wa kisanduku chenye mshale unaoingia ndani. Orodha itatokea kwenye kioo. Chagua ile nambari ya HDMI uliyoikumbuka.

Sasa nenda kwenye kipakatalishi. Upande wa chini kushoto wa kibodi kuna kitufe chenye alama ya dirisha la vioo vinne. Kishikilie, kisha bonyeza herufi P mara moja. Upande wa kulia wa kioo patajitokeza machaguo manne:

PC screen only
Duplicate
Extend
Second screen only

La kwanza huiacha picha kwenye kipakatalishi pekee. La pili, Duplicate, huonyesha kitu kilekile pande zote mbili. La tatu, Extend, huifanya runinga kuwa kama meza ya ziada kando ya kipakatalishi, na kila kioo huonyesha mambo yake. La nne hukizima kioo cha kipakatalishi na kuiachia runinga peke yake.

Chagua Duplicate. Mwanao atakuwa akiona mbele yake kilekile ambacho nyanya anakiona ukutani, na hatahitaji kugeuza shingo kila mara. Kioo hupepesa au kuwa cheusi kwa sekunde chache vifaa hivi viwili vinapotambuana. Usibonyeze kitu kingine wakati huo, subiri tu.

Runinga yenyewe hukuambia kosa liko wapi

Hili ndilo ninalotaka ulizingatie zaidi, kwa maana ndilo litakalokuokoa iwapo mambo yatakwenda mrama. Kile runinga inachoonyesha ni jibu. Anayejua kukisoma hana haja ya kuchomoa na kuchomeka kila kitu kwa kubahatisha.

Ikiandika No Signal, maana yake ni kwamba katika tundu lililochaguliwa hakuna kinachofika. Hakikisha kwanza kwamba nambari uliyochagua kwa rimoti ni ya tundu lenye waya. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, hasa pale ambapo king'amuzi kiko HDMI 1 na kipakatalishi kiko HDMI 2. Kama nambari ni sahihi, rudia ule ufunguo wa dirisha na P, uchague Duplicate tena. Kama bado, hamisha waya uende kwenye tundu jingine la runinga na ubadilishe nambari kwa rimoti. Ikishindikana kabisa, chomeka waya huohuo kwenye king'amuzi. Kama kinaonyesha vipindi, waya ni mzima na tatizo liko upande wa kipakatalishi. Kama hakionyeshi, nawe una hakika kwamba hapo awali kilikuwa kikionyesha, basi waya ndio mkosaji.

Ikiandika Not Supported, Invalid Format au maneno ya namna hiyo, hiyo ni habari njema kwa kiasi fulani. Picha inafika, ila kwa kipimo ambacho runinga haikiwezi. Kwenye kipakatalishi bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, uchague Display settings, kisha ushuke hadi palipoandikwa Display resolution. Jaribu 1920 × 1080. Ikikataa, shuka hadi 1366 × 768 au 1280 × 720. Runinga nyingi za inchi 32 zina kioo cha nukta 1366 kwa 768, kwa hivyo usidhani umepungukiwa ukiishia hapo.

Ukiona mandhari ya kipakatalishi kwenye runinga, lakini bila vile vialama vidogo vya faili na bila picha uliyoifungua, hapo umechagua Extend. Picha zimebaki upande wa kipakatalishi. Rudi kwenye dirisha na P, uchague Duplicate.

Ukiona picha vizuri ila kingo zake zimekatwa, pengine mtu wa mwisho mstarini amebaki na bega moja, hilo si kosa la mpiga picha. Baadhi ya runinga huivuta picha kidogo kupita ukingo wa kioo. Ingia kwenye menyu ya runinga, sehemu ya picha, utafute ukubwa wa picha. Chaguo linalofaa huitwa Just Scan katika baadhi ya runinga, na Screen Fit au Fit to Screen katika nyingine. Katika picha ya watu 20 waliopangwa mstari mmoja, kingo hizo zaweza kuwa na majina mawili tunayoyahitaji.

Kupanga picha zenyewe

Picha za karatasi mlizozinakili kwa rununu ziangalieni upya mchana, kwenye runinga. Zile zenye doa jeupe la mwanga zipigwe tena. Itoe picha kwenye fremu yenye kioo, uilaze mezani karibu na dirisha mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, uzime mwako wa kamera, na ushike rununu sambamba na meza ili picha isiwe pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Jamaa walioko mbali waombe wasitume picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani huzibana na kuzipunguzia ukubwa. Rununuye mtu haionyeshi tofauti kubwa, lakini kwenye runinga sura za watu wa nyuma hugeuka ukungu. Wazitume kama faili, kwa kuchagua Document badala ya Photos. Picha itafika ilivyo.

Ziweke zote 84 kwenye folda moja na uzipe majina ya nambari za tarakimu tatu: 001, 002, 003, hadi 084. Zile sufuri za mbele si urembo. Runinga nyingi na vifaa vingine hupanga majina herufi kwa herufi, hivyo ukiandika 1, 2, 3, picha ya 10 hadi ya 19 zitaruka mbele ya picha ya 2, na babu atazeeka kabla ya kuoa. Anza na za zamani kabisa, uende na miaka. Ambapo mwaka haujulikani, iweke karibu na picha ambayo watu wake wanaonekana kuwa na umri uleule.

Nambari hizo zina kazi nyingine. Mtafutie shangazi daftari, ulichore mistari kuanzia 001 hadi 084, na umketishe mahali anapomsikia nyanya vizuri. Nyanya akitaja majina, shangazi ataandika mbele ya nambari ya picha, akianza na aliyesimama kushoto. Mwendesha picha atakuwa akitamka nambari kila anapoibadilisha, kwa sababu picha ikijaa kioo jina la faili halionekani. Bila daftari hilo tutaondoka tukiwa tumefurahi, na mwaka ujao tutaulizana upya yule wa tatu alikuwa nani.

Picha ziende kwa mwendo wa msimulizi

Umeniambia kwamba kipakatalishi cha mwanao kinatumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2025, lakini kwa kazi hii haitupunguzii chochote, na wala hatuhitaji intaneti. Fungua folda ya picha na ubofye mara moja juu ya picha ya 001. Juu kabisa ya dirisha patatokea maneno Picture Tools. Bofya hapo, kisha ubofye Slide show. Picha zitajaza kioo na kuanza kufuatana zenyewe.

Na hapo ndipo nakuomba uzisimamishe. Zikiachwa zijiendeshe, tuseme kila moja kwa sekunde 10, picha 84 zitakwisha kwa sekunde 840, yaani dakika 14. Ni mwendo mzuri kwa harusi ambako watu wanakula na kutupia jicho. Kwa mtu mwenye umri wa nyanya ni kimbunga. Akiwa bado anamtambua mmoja, picha imekwisha kuondoka, na heshima itamzuia asituambie kwamba ameachwa nyuma. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha yenyewe, uchague Pause. Kuanzia hapo mwanao ataendelea kwa kitufe cha mshale wa kulia na kurudi nyuma kwa mshale wa kushoto. Akitaka kutoka atabonyeza Esc.

Piga hesabu upya kwa mwendo huo. Picha 50 zisizo na majina zikichukua dakika mbili kila moja, hizo ni dakika 100. Zile 34 zilizosalia, ambazo watu wake tunawajua, zikipewa nusu dakika kila moja, ni dakika 17. Jumla inakaribia saa mbili, na hakuna mzee wa kukaa mbele ya kioo muda huo bila kuchoka. Ndiyo maana napendekeza tugawe. Za kwanza 40 zionyeshwe kabla ya chakula cha mchana, nyanya akiwa na nguvu, na zilizobaki jioni wageni wengi wakiwa wameondoka. Tukikosa muda, za mwisho ndizo ziachwe, maana hizo hata vijana watazitambua.

Umketishe nyanya mita moja na nusu hivi kutoka kwenye runinga. Fungeni pazia la dirisha linaloikabili, kwani mwanga unaopiga kioo humsumbua mtu mwenye macho dhaifu kuliko udogo wa picha.

Usingizi wa kipakatalishi na kupotea kwa stima

Kipakatalishi kisipoguswa kwa dakika kadhaa huzima kioo chake ili kuhifadhi betri, na runinga nayo itaandika No Signal katikati ya hadithi. Zuia hilo mapema. Fungua Settings, uingie System, kisha Power & sleep, na kila palipo na dakika uchague Never. Mtoto asikifunike kifuniko, kwa kuwa kukifunika ni sawa na kukiambia kilale. Na waya wa kuchajia ubaki umechomekwa muda wote.

Stima ikipotea, kipakatalishi kitaendelea kwa betri lakini runinga itazimika. Kama jirani ana jenereta, muulizeni mapema. Mzigo wetu ni mdogo: runinga ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 30 hadi 60, na kipakatalishi kinachochajiwa wati 45 hadi 65. Kiasi halisi cha runinga kimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kwa pamoja havifiki wati 130, hivyo hata jenereta ndogo ya wati 1,000 inatosha, mradi asije mtu akachomeka birika la umeme kwenye soketi hiyohiyo. Mnapobadilisha kutoka stima hadi jenereta, chomoeni runinga kwanza, jenereta iwashwe na kutulia, ndipo muichomeke.

Hatimaye, weka akiba. Nakili folda ile kwenye flashi, ambayo ni heri isizidi GB 32 na iwe imetayarishwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu ndio unaosomwa na takriban runinga zote zenye tundu la USB. Kipakatalishi kikigoma kabisa, chomeka flashi nyuma ya runinga, ubonyeze Source, uchague USB, kisha folda ya picha. Picha ziwe za aina ya JPEG, yaani zenye jina linaloishia na .jpg. Zile zinazotoka kwenye baadhi ya rununu zikiishia na .heic, runinga nyingi hazitazisoma, kwa hivyo mwombe mwenyewe azitume upya kama JPEG. Runinga nyingine pia huzionyesha picha za wima zikiwa zimelala ubavu, jambo ambalo kipakatalishi hulirekebisha chenyewe. Ndiyo sababu flashi naiita akiba, si njia ya kwanza.

Mtu anaweza kukuambia kwamba siku hizi picha hupelekwa kwenye runinga bila waya. Ni kweli, iwapo runinga inakubali na mawimbi hayakatiki. Kwa siku ambayo haitarudi, nautaka waya.

Jaribio lifanyike Jumatano jioni, vifaa vyote vikiwa mahali pake pa Jumamosi: waya uleule, tundu lilelile, meza ileile. Zionyeshe picha tano za mwanzo, uache mashine bila kuigusa kwa nusu saa uone kama italala, kisha ujaribu flashi. Ukiona maneno yoyote kwenye kioo ambayo sikuyataja humu, yaandike jinsi yalivyo na unitumie, herufi kwa herufi. Ukiniambia tu kwamba imekataa, sitakuwa na pa kuanzia.

Wasalimie wote, na umwambie nyanya miwani yake isisahaulike chumbani.